Shajara ya mradi: kadi ya mkulima na tegi ya gunia, Kibosho

2 Agosti

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kibosho, juu ya mji wa Moshi, wanataka kuachana na daftari la mizani. Katibu alinieleza anachotaka huku akihesabu kwa vidole. Mkulima akifika na kahawa ya maganda agusishe kadi, kilo ziingie kwenye jina lake. Gunia likiingia ghalani au likitoka lijulikane bila mtu kulipekua. Na kadi ile ile imwezeshe mkulima kuchukua mbolea na dawa kwenye duka la pembejeo la chama, deni likatwe kwenye malipo yake ya kahawa.

"Kadi moja tu, mwanangu," alisema. "Kama ile ya benki. Na gunia nalo libandikwe hiyo hiyo."

Nikamwambia, "Mzee, kadi nitakupa. Ila gunia litahitaji kitu kingine." Hakufurahi, maana vitu viwili ni bei mbili. Basi sehemu kubwa ya shajara hii itakuwa ya kueleza kwa nini kadi ya NFC inayosomwa kwa kugusisha na tegi ya RFID, yaani lebo inayojitambulisha kwa mawimbi ya redio ikiwa mbali, haziwezi kubadilishana kazi, ingawa zote mbili hazina betri na zote mbili kwa macho ni kipande cha plastiki au karatasi chenye waya mwembamba na chipu ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika.

6 Agosti

Nimeanza na upande wa kadi, kwa sababu vifaa vyake ninavyo mezani: kisomaji cha RC522, kingine cha PN532, simu ya Android yenye NFC, na stika za NTAG213.

NFC ni tawi la RFID. Inatumia masafa ya megahezi 13.56, yale yale ya kadi nyingi za milango na za benki, na imekusudiwa kufanya kazi ndani ya sentimita chache. Stika haina betri. Kisomaji kinapitisha mkondo kwenye koili yake, mkondo huo unazaa uga wa sumaku unaobadilika, na koili ya stika ikiwa ndani ya uga huo inapata volti. Chipu inaamka kwa umeme huo wa kuazima. Ikitaka kujibu, haina cha kurusha. Inachofanya ni kubadilisha mzigo wake, yaani kuvuta umeme zaidi kidogo kisha pungufu kidogo kwa mpangilio, na kisomaji kinahisi mabadiliko hayo kwenye koili yake chenyewe.

Katibu aliniuliza kwa nini tusinunue kisomaji chenye nguvu zaidi, mkulima asomwe akiwa bado kwenye foleni. Jibu liko kwenye namna uga wa koili unavyopungua kadiri unavyoenda mbali. Kwa koili ya duara yenye nusu-kipenyo R, hesabu ya uga H kwenye umbali x juu ya mstari wa katikati ni hii:

```
H(x) / H(0) = (R² / (R² + x²))^1.5
```

Nikichukua R kuwa sentimita 3, kama kisomaji changu kidogo kilivyo takriban, uga ulio sentimita 3 mbele ya koili ni asilimia 35 ya ule wa katikati. Kwenye sentimita 6 ni asilimia 9. Kwenye sentimita 12 umebaki asilimia 1.4, na kwenye sentimita 30 ni sehemu moja kati ya elfu. Kutoka sentimita 6 kwenda 12, uga unashuka zaidi ya mara sita, na kwa kuwa nguvu inakwenda na mraba wa uga, ningehitaji kuongeza nguvu ya kisomaji karibu mara 39 ili tu kuongeza umbali mara mbili. Hakuna betri ya simu itakayokubali hilo. Njia nyingine ni kupanua koili, na ndivyo wanavyofanya kwenye mageti ya maktaba yanayotumia masafa haya haya ya 13.56, ambayo yanafika kama mita moja. Lakini geti ni fremu kubwa kama mlango, halishikwi mkononi.

9 Agosti

Leo nimepeleka kisomaji kwenye mizani. Mizani ya chama ina sahani pana ya chuma, na karani wa mizani alikuwa ameshaandaa mahali pa kubandika kisomaji, juu ya chuma chenyewe. Kadi haikusomeka hata ikigusishwa.

Uga unaobadilika ukipiga chuma, ndani ya chuma panazaliwa mikondo ya mzunguko, na mikondo hiyo inatoa uga wake unaopinga ule wa kisomaji. Vilevile koili ya kisomaji, ambayo imepimwa iitikie 13.56, inahama kutoka kwenye masafa yake ikikaribiana na chuma. Dawa ni mbili: kuweka karatasi ya feriti kati ya koili na chuma, au kuinua kisomaji. Tumegongomea kipande cha mbao cha unene wa sentimita mbili na nusu kwenye nguzo ya mizani, kisomaji kikakaa hapo. Kadi sasa inasomeka kwenye sentimita 3 hadi 4, na mimi sitaki zaidi ya hapo.

Kwa atakayefanya kazi kama hii, dalili zifuatazo zimenisaidia kuliko kipimo chochote. Kisomaji kisipoona kitu kabisa, tafuta chuma au waya wa koili uliokatika. Kikiona namba ya kadi lakini kikashindwa kusoma kurasa za kumbukumbu yake, umeme unafika ila hautoshi, mara nyingi kwa sababu ya umbali au kadi kushikwa kwa pembe. Kikisoma vizuri lakini kikashindwa kuandika, ni hali hiyo hiyo, kwa kuwa kuandika kwenye kumbukumbu ya chipu kunahitaji umeme mwingi kuliko kusoma. Kadi mbili zilizobanana kwenye pochi moja nazo zinagombania uga mmoja, kwa hiyo karani ameambiwa amwombe mkulima atoe kadi nje ya pochi.

Halafu kuna suala la umeme wa TANESCO. Ukikatika, RC522 na kompyuta vinazimika. Simu ya karani ina betri yake, na ina NFC inayosoma kadi hizi bila kifaa cha ziada. Nimeamua simu iwe ndiyo kisomaji rasmi, na RC522 ibaki ya akiba. Hiki ndicho NFC ilichokuja nacho juu ya RFID ya kawaida: kifaa kimoja chenye betri kinaweza kuwa kisomaji, na pia kinaweza kujifanya kadi mbele ya mashine nyingine.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akauliza kama simu hiyo itasoma na hereni ya ng'ombe wake. Hapana, meku. Hereni za kielektroniki za mifugo ziko kwenye kilohezi 134.2, na simu haina koili ya masafa hayo.

15 Agosti

Sasa magunia. Nimeazima kutoka kwa rafiki wa Arusha kisomaji cha UHF, ile RFID ya kusoma kwa mbali, chenye antena ya bapa, na bunda la tegi za karatasi zenye antena ya alumini iliyonyooka.

Hapa kanuni ni nyingine. Masafa ya UHF kwa kazi hii ni kati ya megahezi 860 na 960, na urefu wa wimbi ni kama sentimita 31 hadi 35. Ukivuka sentimita chache kutoka kwenye antena, hupo tena ndani ya uga wa koili. Upo kwenye wimbi la redio linalosafiri. Tegi haina betri hapa pia. Inavuna nguvu kutoka kwenye wimbi lenyewe, kisha inajibu kwa kuakisi wimbi hilo kwa nguvu zaidi au pungufu, na kisomaji kinasikiliza mwangwi.

Wimbi linalosafiri nalo linapungua, ila kwa mraba wa umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, unahitaji nguvu mara nne. Ilinganishe na ile mara 39 ya juu, na utaelewa kwa nini UHF inafika mita kadhaa wakati NFC inaishia kiganjani, ingawa zote zinalisha chipu isiyo na betri.

Hesabu ya ghala letu: kisomaji kinatoa wati 1, na antena inaielekeza mbele hata ikawa sawa na wati 4 upande huo. Mita 5 mbele, tegi iliyo hewani bila kizuizi inapata mikrowati 95 hivi, nikiwa nimeshatoa hasara ya antena mbili zisizolingana mkao. Chipu ya aina hii inaamka ikipata mikrowati 16. Kwenye mita 10 zinabaki 24, bado inaamka. Kikomo cha nadharia ni kama mita 12.

Lakini ghala halina hewa tupu, lina kahawa. Kahawa ya maganda iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na gunia moja la namna hiyo halina shida kubwa. Shida ni mkulima aliyeanua mapema kwa kuogopa mvua. Maji yanameza mawimbi ya UHF. Tuseme gunia bichi likikaa kati ya antena na tegi linameza sehemu tisa kati ya kumi za nguvu. Kwenye mita 5, zile mikrowati 95 zinakuwa 9 na nusu, chini ya 16, na tegi inabaki imelala. Kwenye mita 3 zingekuwa 264, zikimezwa zinabaki 26, na tegi inaamka. Ndivyo ilivyokuwa mbele ya macho ya katibu: gunia lile lile lilisomeka karibu na mlango na likapotea tulipolisogeza nyuma.

Kwa hiyo antena tumeifunga juu ya mlango, ikitazama chini na ndani kidogo, magunia yasomwe yakipita na si yakiwa yamepangwa. Tegi hatuibandiki ubavuni mwa gunia. Tunaishona mdomoni ikining'inia nje, isikandamizwe na kahawa wala na gunia la jirani. Na kwa kuwa kuta ni za bati, mawimbi yanarudi na kusoma hata magunia yaliyo kwenye pikapu nje. Programu inapuuza tegi ambayo nguvu ya mwangwi wake haikupanda kisha kushuka, kwa sababu gunia linalopita mlangoni linakaribia na kuondoka, wakati lililo kwenye pikapu linabaki palepale.

Kisomaji chetu wenyewe kitanunuliwa kwa muuzaji mwenye idhini ya TCRA. Cha kuazima ni cha majaribio tu.

20 Agosti

Katibu amerudi na hoja yake. Kama tegi ya gunia inasomwa mita 5, kwa nini mkulima naye asipewe hiyo, apite tu mlangoni, kilo zake zijiandike?

Kwa sababu mlangoni hawapiti mmoja mmoja. Siku ya mnada kunakuwa na watu wamesimama na kuegemea ukuta, na UHF ingewasoma wote kwa sekunde moja. Kilo ziingie kwa nani? Kwenye duka la pembejeo ni hatari zaidi: mama aliyekaa kwenye benchi angejikuta amekopa mfuko wa mbolea wa mtu mwingine. Sentimita 4 ni umbali ambao lazima mtu anyooshe mkono, na kunyoosha mkono ndiyo idhini yake. Kadi za benki za kugusa zimewekewa umbali huo huo kwenye viwango vyao, sentimita 4 hivi kutoka kwenye mashine, na hakuna anayetaka kuurefusha.

Hoja hiyo aliikubali haraka. Ya salio ndiyo iliyotuchukua muda.

23 Agosti

Katibu anataka salio la mkopo liandikwe kwenye kadi yenyewe, ili duka lifanye kazi hata mtandao ukikatika. Kwa mtazamo wa mtu wa daftari ni sawa kabisa.

Nilimwonyesha mezani. Nilichukua stika ya NTAG213, ambayo ina baiti 144 za mtumiaji, nikaandika salio la shilingi 40,000. Kisha kwa simu nikanakili kurasa zote. Nikafanya manunuzi ya 35,000, salio likabaki 5,000. Nikarudisha nakala ya kwanza. Salio: 40,000. Katibu aliishika kadi, akaitazama pande zote mbili, akasema, "Kumbe hii ni karatasi tu." Kwa maneno machache kamaliza.

Chipu hiyo ina nywila ya kuzuia kuandika, lakini ni baiti nne, na kisomaji kinaituma wazi hewani. Kwa kifaa cha Proxmark na amri ya `hf 14a sniff` nilisikiliza mazungumzo ya kisomaji changu mwenyewe na kadi yangu mwenyewe, nikapata hiki (nimeondoa baiti za ukaguzi):

```
kisomaji: 1B 31 32 33 34
kadi:     80 80
```

`1B` ni amri ya kutoa nywila, na nne zinazofuata ndiyo nywila yenyewe, "1234". Mtu akisimama karibu na kaunta na kifaa cha namna hii anaipata kwa mguso mmoja.

Kijana anayetusaidia programu akapendekeza tulifiche salio kwa hesabu za siri kabla ya kuliandika. Haisaidii. Mwizi hahitaji kuelewa kilichoandikwa. Anahitaji kukirudisha tu. Maandishi ya siri ya jana yenye shilingi 40,000 bado ni halali leo, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachosema yamepitwa na wakati. Namba ya kadi nayo haitoshi kama ulinzi, kwani inasomwa na kila simu na kuna kadi tupu zinazouzwa ambazo namba yake inabadilishwa.

24 Agosti

Basi kadi ya benki inafanyaje? Nayo haina betri, inalishwa na mashine ya malipo ya POS kama stika yangu inavyolishwa na simu. Tofauti ni kwamba ndani yake kuna kompyuta ndogo yenye ufunguo wa siri ambao hautoki kamwe. Mashine inaipa kiasi cha fedha na namba ya nasibu iliyotungwa wakati ule. Kadi inachanganya hivyo na kihesabu chake cha miamala, ambacho kinapanda kila mara na hakirudi nyuma, inapiga hesabu kwa ufunguo wake na kutoa saini. Benki, yenye uwezo wa kuutengeneza tena ufunguo huo upande wake, inarudia hesabu na kulinganisha. Anayerekodi mazungumzo hayo anaambulia saini ya muamala ulioisha. Kesho namba ya nasibu ni nyingine na kihesabu kimesogea. Salio liko benki, si kwenye kadi.

Hesabu hizo zinakula umeme kuliko kutaja namba tu. Ndiyo maana kadi ya benki inadai uga imara na iwe karibu zaidi kuliko stika ya kawaida, na ndiyo maana ukiiondoa haraka mashine inalalamika: umeme umekatika chipu ikiwa katikati ya hesabu. Umbali mfupi, umeme wa kuazima na usalama wa malipo vinashikana hapo. Tegi ya UHF inayoamka kwa mikrowati 16 kule mita 5 imepata umbali huo kwa kufanya kazi ndogo sana.

Kwetu nimependekeza kadi za NTAG 424 DNA. Zina ufunguo wa AES wa biti 128 na kihesabu, na simu ya kawaida inazisoma. Kila zikiguswa zinatoa kiungo chenye saini mpya, kwa umbo hili:

```
?picc_data=<namba na kihesabu, vimefichwa>&cmac=<saini>
```

Seva inakataa saini yoyote ambayo kihesabu chake si kikubwa kuliko cha mwisho ilichokiona kwa kadi hiyo. Saini hii inathibitisha kwamba kadi halisi ilikuwepo. Haisemi kiasi cha fedha, kwa hiyo mkulima anaweka namba yake ya siri kwenye simu ya duka baada ya kuona kiasi.

29 Agosti

Limebaki suala la mtandao. Mawingu yakishuka huku juu, mawasiliano yanakatika, na duka haliwezi kufungwa kwa ajili hiyo. Kwa sasa chama kina duka moja, kwa hiyo daftari la madeni linakaa kwenye kompyuta ndogo ya dukani yenye betri, iliyofungwa kwenye kabati pamoja na funguo za kadi, na simu ya muuzaji inaifikia kwa Wi-Fi ya ndani. Usiku inapeleka nakala mjini. Mkulima hawezi kutumia salio lile lile mara mbili kwa kuwa hakuna mahali pa pili pa kulitumia. Wakifungua duka la pili, mpango huu unakufa siku hiyo hiyo, na nimeuandika hivyo kwenye mkataba ili asije mtu kushangaa.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Kadi hii inaandika deni la mwanachama kwa chama chake, basi. Wajumbe wawili walitaka iwekewe pesa taslimu na itumike kwenye maduka ya jirani. Hiyo ingekuwa pesa ya kielektroniki, ambayo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inahitaji leseni ya Benki Kuu. Nimekataa sehemu hiyo ya kazi, na katibu ameniunga mkono.

3 Septemba

Bajeti imepita: kadi za 424 kwa wanachama wote, tegi za UHF kwa magunia ya msimu huu, kisomaji kimoja cha mlango. Katibu amelipia bei mbili. Tegi za gunia zitakatwa na kurudishwa gunia likifika kwenye mtambo wa kukoboa, zishonwe upya. Karani wa ghala ameshatafutiwa sindano na uzi wa nailoni, kwani waya wa kufungia aliokuwa anautumia ulikuwa unaziba antena.

Kazi ya wiki ijayo ni kupanga namba za siri kwa wanachama wazee, ambao wengi wamesema watawatuma wajukuu.